Bahari Haipo Kyerwa

Wilaya ya Kyerwa haina bahari. Ina Mto Kagera unaoitenga na Rwanda na Uganda, ina migomba na mibuni, ina vilima vya nyasi ambavyo wenyeji huviita rweya. Ukitaka kuiona Bahari ya Hindi ukitokea Rubwera, makao makuu ya wilaya, utasafiri kwa barabara zaidi ya kilomita elfu moja. Hata hivyo, kijana mmoja wa huko aliponiletea daftari la kumbukumbu za utoto wake, sentensi ya kwanza ilisema kwamba maisha ya mwanadamu ni jahazi lililo katikati ya mawimbi. Nikamuuliza kama amewahi kuona jahazi. Akacheka.

"Hapana, Mwalimu. Ila ndivyo wanavyoandika."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Si la kwake peke yake. Nimelisikia kwa walimu wenzangu wa Kiswahili hapa Karagwe, kwa waamuzi wa mashindano ya insha, na kwa miaka mingi nimelisema mwenyewe darasani: soma mabingwa, waige, na ukiwaiga vya kutosha sauti yako itatokea yenyewe. Naona sasa kwamba ushauri huo, ingawa una faida yake, unamharibia mtu anayeandika habari zake mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niwatendee haki wanaouamini, maana si wajinga.

Hoja yao ya kwanza ni ya lugha. Mtoto wa Kyerwa anazaliwa katika Runyambo. Kiswahili anakikuta shuleni, kikiwa na vitabu vyake na watu wake wa mbali. Atajifunzaje kuandika sentensi ndefu isiyoanguka katikati, kama hakuitazama ya mtu mwingine ikisimama? Hilo nalikubali bila masharti. Mimi mwenyewe nilinakili kurasa nzima kwa mkono nilipokuwa chuoni, na mkono wangu ukajifunza mahali pa kuweka kituo.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi: kwamba hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Shaaban Robert, ambaye vijana wetu humwiga kuliko wote, alitunga tenzi za mawaidha kwa wanawe, na tenzi za namna hiyo zilikuwapo pwani tangu zamani. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, nusu karne kabla Shaaban hajazaliwa. Wanasema, basi, kama bingwa mwenyewe alifuata nyayo, kijana wa Kyerwa ni nani akatae?

Jibu langu linaanzia kwa huyohuyo Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, miaka mingi akiwa forodhani. Katika kitabu chake *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* anaeleza kazi, uhamisho, kufiwa na mke, malezi ya watoto, na ndani yake mna utenzi mmoja kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe. Sasa tazama msemaji huyo amesimama wapi. Ni baba aliyebaki na watoto baada ya mama yao kufariki, anayewaza kwamba naye anaweza kuondoka kabla hawajakua. Ni karani, mtu wa kupima maneno. Ni Mwislamu wa pwani aliyelelewa masikio yake yakisikia tenzi. Mtu aliyesimama pale, akizungumza na watu wale, atashauri, ataasa, atapamba, maana nasaha ndiyo mali anayoweza kuwaachia. Ile sauti yake ya utulivu na hekima inatoka mahali aliposimama, na pambo linaifuata.

Kijana wangu alikuwa na umri wa miaka 27 na hakuwa na mtoto. Alikuwa anaandika juu ya mwaka ambao aliingia kidato cha kwanza. Alipoichukua ile sauti, alichukua pia, bila kujua, mahali pa baba mwenye kuusia. Ukurasa mzima ukawa wa mawaidha kwa watu ambao hawapo, kutoka kwa mtu ambaye bado hajayafikia hayo anayoyausia. Umbo la kazi linaweza kurithiwa, na Shaaban alilirithi kweli. Lakini alipolirithi, alilitumia kusema na mwanawe mwenyewe juu ya hofu yake mwenyewe. Hilo la pili halirithiki.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo naliona kila wiki na ambalo mtu yeyote anaweza kulihakiki kwa kalamu nyekundu. Mwigaji huchukua kile kinachoonekana. Katika sauti ya mwandishi mkubwa kinachoonekana kwanza ni semi, tashbihi na hukumu za jumla, na katika Kiswahili hukumu za jumla zina alama yake: ni kile kiambishi *hu-*. Umaskini humfunza mtu. Machozi huosha moyo. Mzazi hujinyima. Kiambishi hiki hakina nafsi wala wakati, hakisemi nani wala lini. Ni kizuri kwa methali, na ni hatari katika kumbukumbu, kwa sababu kinamruhusu mwandishi asiwepo katika habari yake.

Nilikaa na kijana yule tukahesabu. Katika kurasa mbili za mwanzo, vitenzi vya *hu-* vilikuwa 19. Vilivyoanza na *nili-* vilikuwa vinne, na kimojawapo kilikuwa "nilizaliwa". Yeye mwenyewe alishangaa. Alidhani ameandika habari zake. Kumbe ameandika kitabu kidogo cha methali na kukitia jina lake.

Hapo ndipo nilipomwomba afunge daftari na anisimulie kwa mdomo mwaka ule ulikuwaje. Simu yake ilikuwa mezani, nikamwambia airekodi sauti yake. Alizungumza kama dakika kumi na mbili. Aliyoyasema nitayaeleza kwa urefu kidogo, kwa ruhusa yake, maana ndiyo ushahidi wangu mkubwa.

Alisema kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka ule alichaguliwa kuingia sekondari, na nyumbani hapakuwa na fedha ya ada, godoro wala sare. Baba yake akaenda kukata butura. Kwa msomaji wa mbali nieleze: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, mbichi. Mnunuzi anakupa fedha leo, mnakubaliana magunia, na kahawa ikishavunwa na kukauka anakuja kuchukua. Bei huwa ndogo sana kuliko ya msimu, kwa sababu wewe ndiye mwenye shida. Serikali imepiga vita biashara hiyo mara nyingi, na wakulima wenyewe huificha, maana kukata butura ni kukiri mbele ya majirani kwamba umeshindwa.

Msimu ulipofika, familia ikachuma. Kahawa ya kwetu nyingi ni robusta, huanikwa na maganda yake, ikageuzwageuzwa juani wiki mbili au tatu mpaka ukiitikisa usikie punje zikigonga ndani. Muda wote huo usiku lazima ilindwe, maana wezi wapo. Akasema: "Baba alituamuru mimi na mdogo wangu tulale nje kwenye turubai. Tukalala nje siku kumi na saba, tunalinda kahawa ya mtu. Usiku mmoja mvua ikanyesha, baba akatoka ndani akikimbia, akaifunika kahawa kwanza. Sisi akatufunika baadaye."

Nikazima ile simu. Nikamwuliza: hili liko wapi katika daftari? Tukatafuta. Lilikuwa katika sentensi moja, ukurasa wa tatu: *Wazazi wangu walijitahidi kwa kila hali kunipatia elimu, kwani elimu ndiyo ufunguo wa maisha.*

Basi. Butura haimo, turubai halimo, mvua haimo. Hiyo ndiyo gharama ya kuiga ambayo wanaoitetea hawaihesabu. Wanadhani kwamba mwigaji ana habari zake, kisha anaziazimia vazi tu, na vazi linaweza kuvuliwa baadaye. Haiwi hivyo. Sauti ndiyo inayochagua kipi kisemwe. Ile sauti ya mwenye hekima aliyoiazima haikuwa na nafasi ya baba anayefunika kahawa kabla ya watoto, kwa sababu tendo lile haligeuki kuwa mawaidha. Ni aibu, ni upendo, ni deni, yote kwa pamoja, na mtu lazima aseme aliona nini kabla hajasema lina maana gani. Kwa kuwa sauti ilikataa, habari ikatupwa. Ukiendelea hivyo miaka kumi, kitakachotupwa ndicho hasa ulichokuwa nacho cha kusema.

Tulipofika hapo kijana, ambaye si mnyonge wa hoja, aliniuliza swali zuri. "Mbona Kezilahabi naye alimsoma sana Shaaban?"

Ni kweli, na namshukuru kwa kuliuliza. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, akafariki mwaka 2020. Kwa Wanyambo ni jirani zaidi ya jirani: Kikerewe, Kihaya na Runyambo ni lugha za tumbo moja. Mwaka 1976 alimaliza tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mada yake ilikuwa Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Nani basi aliyemsoma Shaaban kwa makini kuliko yeye? Lakini wakati huo tayari alikwisha kutoa *Kichwamaji*, mwaka 1974, riwaya inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe na kukuta kwamba hawezi tena kukaa nyumbani wala kuondoka. Mwaka huohuo alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyo na vina wala mizani, na washairi wa mapokeo wakamjia juu. Kumjua Shaaban hakukumfanya aandike kama Shaaban. Kusoma kwa kina ni kazi moja, kuiga ni nyingine, na kosa la ushauri wetu wa darasani ni kuzifanya moja. Anayesoma kwa kina anauliza: kwa nini mtu huyu, akiwa amesimama hapa, alisema hivi? Anayeiga haulizi, anabeba.

Niongeze, kwa wale wanaodhani dawa ni kubadili bingwa: nimepokea pia madaftari ya waigaji wa Kezilahabi. Humo kila kijana wa Nkwenda na Omurushaka amechoshwa na maisha kufikia ukurasa wa pili, anatazama dari na kuwaza kuhusu utupu. Kukata tamaa kwa Kazimoto kuna sababu zake, na riwaya nzima inazijenga. Kukata tamaa kwa kuazima ni jahazi lilelile, limepakwa rangi nyeusi tu.

Kuna pingamizi moja lililobaki, na ndilo gumu zaidi, maana linatoka kwetu. Mzee mmoja aliyenisikia nikisema haya alinikumbusha majigambo. Kwa Wanyambo, kama kwa Wahaya na kwa Wahima wa Ankole ng'ambo ya Kagera, mwanamume alisimama na mkuki mbele ya Omukama au mbele ya wakwe akajigamba kwa nafsi ya kwanza. Kitendo chenyewe ni kwebuga, na Profesa Mugyabuso Mulokozi ameyaandika majigambo haya katika uchambuzi wake wa fasihi simulizi, akiyaita pia vivugo. "Sasa Mwalimu," mzee akasema, "pale kila mtu anasema kwa mtindo mmoja. Mwendo uleule, mkuki uleule, jina la sifa mwanzoni. Si kuiga huko?"

Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Ni kweli kwamba umbo la kivugo ni la wote. Ukisoma mkusanyo wa vivugo vya Wahima ambao H. F. Morris aliuchapisha mwaka 1964, utaona kanuni zikijirudia ukurasa hadi ukurasa. Lakini tazama kilicho ndani ya umbo: majina ya mahali msemaji alipopigana, ng'ombe aliowateka, wenzake waliokuwapo. Na baadhi ya wasikilizaji walikuwapo pia vitani. Mtu anaweza kuazima mwendo wa ulimi, hawezi kuazima mapigano, kwa sababu aliyepigana ameketi pale anamtazama. Babu zetu, kwa hiyo, walikwisha kulitatua jambo hili kwa namna ambayo darasa letu limeligeuza juu chini. Wao waliruhusu umbo liwe la wote na wakadai habari iwe ya mtu mwenyewe. Sisi tunampa kijana umbo la mtu, na habari ya mtu, na mahali pa kusimama pa mtu, kisha tunamwambia asubiri sauti yake.

Nakiri hapa kwamba wanaoshikilia kuiga wana haki juu ya hatari moja. Ukimwambia kijana "andika kwa sauti yako", anaweza kudhani ni ruhusa ya kuandika ovyo. Sauti si makosa. Mnyambo anayechanganya *r* na *l* hapati sauti kwa kuandika "rara" badala ya "lala". Anapata kazi ya kusahihisha. Wala si kumwaga maneno ya Runyambo ukurasani ili msomaji ajue umetoka wapi. Neno *butura* linastahili kubaki kwa sababu Kiswahili hakina jingine linalobeba deni lile. Neno la ndizi si lazima. Kiswahili kina ndizi.

Lakini kuna kitu cha Runyambo ambacho kinastahili kuvuka, na wengi hukifuta wakidhani ni uchafu. Kiswahili kinafunga mambo yote yaliyopita katika *-li-*: lililotendeka asubuhi na lililotendeka babu akiwa mtoto. Runyambo, kama sarufi aliyoichapisha Josephat Rugemalira mwaka 2005 inavyoonyesha, ina maumbo tofauti kwa yaliyopita karibu na yaliyopita zamani. Msimulizi wa huku amezoea kuupima umbali wa kumbukumbu yake ndani ya kitenzi. Anapohamia Kiswahili anahisi pengo, na katika ile sauti iliyorekodiwa kijana wangu alilijaza mara kwa mara: "zamani zile sijaelewa butura ni nini", "hii nimekuja kuijua juzi tu". Katika daftari hakukuwa na hata moja. Alizifuta kwa sababu mabingwa wake hawakuziandika. Tulipozirudisha, habari ikapata watu wawili: mtoto aliyelala kwenye turubai akidhani analinda mali ya nyumbani, na mtu mzima aliyegundua baadaye ilikuwa ya nani. Kazi yote ya kumbukumbu iko kati ya hao wawili.

Basi, anayetaka kujua kama sentensi ni yake au ameiazima, mimi hutumia majaribio mawili tu. La kwanza ni kuihamisha. Chukua sentensi, ipeleke Pangani au Mombasa, umpe mtu mwingine yeyote. Ikikaa bila kubadilishwa neno, si yako. Pengine ni nzuri, lakini si yako. "Elimu ni ufunguo wa maisha" inakaa popote. "Akaifunika kahawa kwanza" haikai popote ila pale. Jaribio la pili ni kumsomea mtu aliyekuwapo. Akikusifu kwa lugha, rudi ukaandike upya. Akianza kubishana nawe juu ya kilichotokea, umefika karibu.

Kijana aliandika upya. Alikata kurasa tatu za mwanzo zote, jahazi na mawimbi yake, akaanza na usiku wa mvua. Vitenzi vya *hu-* vikabaki viwili. Alisitasita kumsomea baba yake, kwa sababu habari ya butura haikuwahi kutajwa nyumbani kwa sauti. Mwishowe akamsomea, jioni, mbele ya nyumba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasahihisha jambo moja: magunia hayakuwa manne. Yalikuwa matano.